Posti ya Idi ya duka lako: kuweka punguzo ndani ya salamu bila kumsukuma mteja

Kuna mwaka usiku wa kuamkia Idi niliandika posti ya duka letu pale Mbagala Rangi Tatu, tunauza madera, kanzu na viatu vya watoto, nikaiweka stetasi nikalala. Ilikuwa hivi:

IDI MUBARAK WATEJA WETU WOTE!!! OFA OFA OFA!!! PUNGUZO 10% KILA KITU DUKANI, WAHI SASA MZIGO UNAISHA, USIPITWE!!!

Asubuhi nakuta watu mia na kitu wameiona, aliyejibu ni mmoja tu na yeye kauliza "viatu namba 28 vipo?". Hakuna hata mmoja aliyenipa mkono wa Idi, na humo ndani kuna watu mwezi mzima tulikuwa tunapiga nao stori dukani baada ya tarawehe. Siku hiyohiyo dada yangu kaweka picha ya sinia la pilau na maneno manne tu ya salamu, simu yake ilikuwa inalia mpaka jioni. Nikakaa nikaisoma tena ile ya kwangu nikaelewa, salamu ni maneno matano pale mwanzo na baada ya hapo namfokea mtu ambaye ndo kwanza anatoka kuswali, hajanywa hata chai.

Tangu hapo nimebadilisha, na siku hizi wenye maduka jirani wananiomba niwaandikie, kwa hiyo naweka hapa hatua kwa hatua ninavyofanya. Mfano wangu ni Idi el Fitri na duka la nguo kwa sababu ndo ninachokijua, mwenye genge au saluni atabadilisha bidhaa tu, mpangilio ni uleule.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza maana kila hatua inarudi hapo. Sisi tuna mkono wa Idi. Mtoto anakuja na kanzu yake mpya, anakupa salamu, unaingiza mkono mfukoni unampa jero au buku, anaondoka. Humwambii "nitakupa ukiniletea wenzako watatu", humwambii "wahi kabla hazijaisha". Unampa kwa sababu ni Idi na amekuja kukusalimia. Punguzo la sikukuu likiandikwa kwa roho hiyo watu wanalipokea vizuri, likiandikwa kwa roho ya mpiga debe wanalipita.

HATUA YA KWANZA: hesabu kwanza, maneno baadaye

Wengi wanaanza kuandika halafu punguzo wanalitaja kichwani palepale, asilimia kumi, asilimia ishirini, inayosikika vizuri. Mi naanza na daftari.

Chukua bidhaa moja. Tuseme dera la kushindia, umelichukua Kariakoo kwa 10,000 unauza 15,000. Hapo katikati kuna nauli ya mzigo, kodi ya fremu, umeme, mfuko wa kufungia, tuseme ukigawa kwa kila dera inafika 1,500. Faida yako ya kweli ni 3,500, sio 5,000 kama unavyojiambia. Ukisema asilimia 20 umetoa 3,000, umebaki na 500 kwa dera, yaani ukiuza yote umefanya kazi ya kugawa nguo. Ukitoa 2,000 unauza 13,000 na unabaki na 1,500. Kama una madera 40 mkono wako wa Idi ni 80,000, na bado unatoka na 60,000. Hiyo namba 80,000 iangalie vizuri, jiulize unaweza kuitoa kwa moyo mweupe? Kama huwezi punguza idadi au punguza kiasi, kwa sababu mwenye duka aliyetoa asichokiweza anajulikana, mteja akija anakuta sura imekunjwa na punguzo linatolewa kama kwa mtutu.

Umeona nimehesabu kwa shilingi, na kwenye posti pia nataja shilingi. Asilimia 10 ya 15,000 ni 1,500 unafika 13,500, haya ni sawa, lakini asilimia 10 ya 18,000 ni 1,800 unauza 16,200, hiyo mia mbili chenji yake mtaitafuta wapi. Halafu asilimia inamlazimisha mtu apige hesabu siku ya Idi. Mwambie ilikuwa 15,000 sasa ni 13,000, kaelewa kabla hajafika mwisho wa mstari. Elfu mbili pia ni noti ambayo mtu anampa mtoto mkono wa Idi, inaingia akilini vizuri.

Sasa bidhaa ipi, na hapa ndo wengi tunaumiza wateja wetu bila kujua. Kumi la mwisho la Ramadhani ndo watu wananunua kanzu na viatu vya watoto kwa bei kamili, usiku, kwenye foleni, na joto lile la Dar. Wewe Idi mosi unaweka stetasi kwamba kanzu ilikuwa 18,000 sasa 16,000. Yule mama aliyenunua juzi kanzu tatu anaiona. Hatakuandikia kitu, ila moyoni anasema kumbe ningesubiri, au anaona ulimla. Tena huyo ndo mteja wako mwaminifu kuliko wote, umemwadhibu kwa kuwahi.

Kwa hiyo punguzo la Idi mi siweki kwenye nguo za Idi. Naweka kwenye kitu ambacho watu hawakukinunua mwezi ule kwa sababu hela yote ilienda kwa watoto. Ndo maana nimechagua dera la kushindia. Mama kawavalisha watoto wote, yeye mwenyewe hajajinunulia kitu, Idi imepita anakuta kuna dera kwa 13,000, hapo umemkumbuka. Kama duka lako lina bidhaa za sikukuu tu na huna nyingine, basi usiweke punguzo kabisa kwenye posti ya Idi, toa salamu peke yake, hakuna atakayekudai.

Na hiyo 15,000 iwe kweli ilikuwa 15,000. Wale wanaopandisha bei wiki mbili kabla ili waje "kushusha" wanasahau kwamba mtaani watu wanaulizana. Mtu akimwambia mwenzake "mbona mi mwezi wa pili nilinunua hapohapo 13,000" salamu yako yote imekuwa uongo, pamoja na dua uliyoweka humo.

HATUA YA PILI: mkumbuke mtu mmoja na kitu kimoja

Kabla ya kuandika funga simu, jiulize mwezi huu dukani nimeona nini ambacho duka lingine halikukiona. Usitafute kitu kikubwa. Mi mwaka mmoja nilikumbuka vijiti.

Wazazi wengi wanakuja usiku kununua viatu, mtoto wamemwacha amelala. Sasa hawajui namba, viatu vya mwaka jana vimeshambana, kwa hiyo wanachukua chelewa ya ufagio wanaipima kwenye unyayo wa mtoto akiwa usingizini, wanaikata, wanakuja nayo mkononi. Ukifika dukani unaingiza kile kijiti ndani ya kiatu, kikigusa mbele na nyuma kiatu kinabana, kikibakiza nafasi ya kama upana wa kidole unachukua. Kuna baba mmoja alikuja na vijiti vinne amevifunga na raba, kila kimoja amekizungushia uzi wa rangi yake ili asichanganye watoto. Aliviweka kwenye kaunta kimoja kimoja kwa uangalifu kama mtu anahesabu hela ya ada.

Hiyo ndo posti yangu. Hakuna duka lingine linaloweza kuiandika vilevile, na mzazi yeyote aliyewahi kupima mguu wa mtoto usiku akiisoma anajiona yeye. Wewe wa genge utakumbuka nazi za futari zilivyokuwa zinagombewa saa kumi na moja jioni, wa saluni atakumbuka foleni ya hina usiku wa mwezi. Ukikosa kabisa cha kukumbuka andika salamu fupi ya mistari miwili, usijaze na maneno ya "tunathamini mchango wenu katika ukuaji wa biashara yetu", hayo ni maneno ya barua ya ofisini.

Angalizo dogo, usimtaje mtu akajulikana. Baba wa vijiti vinne mtaani kwetu watu wangemjua mara moja, na pengine hakutaka ijulikane alikuwa anatafuta viatu vya bei ya chini. Kwa hiyo kwenye posti nilisema "mzazi", na kijiti kimoja.

HATUA YA TATU: andika salamu kana kwamba hakuna punguzo

Punguzo lisahau kwa muda. Andika salamu nzima, uiweke sawa, ndo urudi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

Idi Mubarak kutoka kwetu dukani. Kumi la mwisho tulikuwa tunafunga saa sita usiku, na kila usiku kuna mzazi anakuja na kijiti cha chelewa alichokipima kwenye mguu wa mwanawe aliyelala. Leo asubuhi tumeviona vile viatu vikienda kuswali, tumefurahi sana. Asanteni kwa kutuamini na Idi ya watoto wenu. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na wagonjwa awape afya.

Sio mbaya, lakini kuna vitu viwili nilirekebisha. Cha kwanza ni "leo asubuhi". Kwetu kuna miaka Idi inakuwa siku mbili tofauti, wapo wanaofuata tangazo la Mufti na wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, na wateja wangu wapo pande zote. Ukiandika "leo ni Idi" au "leo asubuhi watoto wamekwenda kuswali" wakati nusu ya wateja bado wamefunga, au walishakula pilau jana, umejiingiza kwenye mjadala ambao duka halina kazi nao. Nikageuza ikawa "tukiviona vile viatu vikienda kuswali Idi, tunafurahi kweli". Hiyo inamfaa wa jana na wa kesho.

Cha pili, nina wateja Wakristo wengi tu, na Idi kwetu jirani anakula. Nikaongeza mstari mmoja wa kuwakaribisha. Mmoja unatosha, ukianza kuorodhesha dini zote inakuwa hotuba.

Kuhusu dua, weka ile unayoiomba kweli. Mwaka ambao mtaa umepata msiba au mafuriko iguse hiyo hali, hata kwa maneno matano. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita akisoma posti yenye vigelegele mwanzo mwisho anajua huna habari naye.

Herufi kubwa zote acha, zinasomeka kama kelele. Alama za mshangao moja inatosha, au hata usiweke. Emoji mbili tatu sio kesi.

HATUA YA NNE: sentensi ya punguzo

Hii ni sentensi moja, ikizidi mbili. Inakaa mwisho kabla ya kuaga, na inabeba vitu vitatu tu, bidhaa gani, bei ya zamani na ya sasa, mwisho lini. Basi.

Mkono wetu wa Idi kwenu: madera ya kushindia yaliyokuwa 15,000 ni 13,000 mpaka Jumapili tarehe 29 Machi.

Angalia ambavyo havimo. Hakuna "wahi", hakuna "usikose", hakuna "kwa wateja 20 wa kwanza". Hakuna "ukinunua matatu". Sharti likiingia sio mkono wa Idi tena, ni promosheni, na promosheni sio dhambi ila iite jina lake na uiweke siku nyingine. Nimeona duka limeandika "mkono wa Idi kwa atakayenunua kuanzia laki moja", watu walikasirika kweli, na walikuwa na haki, kwa sababu umechukua neno la upendo umelifungia kamba.

Bei iandike wazi. Ile ya "bei njoo inboksi" siku ya kawaida inachosha, siku ya sikukuu inaudhi kabisa, unamwambia mtu njoo unifuate nikutajie zawadi niliyokupa.

Mwisho wa ofa weka tarehe kamili. "Siku saba za Idi" ina matatizo mawili, moja ni lile la mwezi, saba kuanzia ipi, lingine ni kwamba posti zinatumwa na watu kwa watu, mtu anaipata siku ya kumi haelewi. Tarehe haina ubishi. Na ifike wikiendi mbili kama unaweza, kwa sababu Idi mosi na Idi pili watu wanatembeleana, na siku zinazofuata wengi hela imeisha. Ukiwapa siku tatu umewaonyesha unataka kile kilichobaki mfukoni, ukiwapa mpaka wiki inayofuata mtu ana nafasi ya kupumua.

Vipi kama kweli mzigo ni mdogo? Hapo sema, ila sema kama taarifa. "Saizi kubwa zimebaki chache, ulizia kwanza usije ukapoteza nauli." Hiyo inamsaidia mtu wa Chamazi ambaye angepanda daladala bure. "Zimebaki chache WAHI!!!" inamtisha. Jambo ni lilelile, ila la kwanza unamfikiria yeye na la pili unafikiria kaunta yako.

Sasa weka vyote pamoja. Hii ndo tuliyoiweka:

Idi Mubarak kutoka kwetu hapa dukani Rangi Tatu.
Kumi la mwisho tulikuwa tunafunga saa sita usiku, na kila usiku kuna mzazi alikuja na kijiti cha chelewa alichokipima kwenye mguu wa mwanawe aliyelala, atafute kiatu kisichobana. Tukiviona vile viatu vikienda kuswali Idi, tunafurahi kweli.
Asanteni kwa kutuamini na Idi ya watoto wenu. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na wagonjwa wetu awape afya. Majirani zetu ambao hamkufunga, sikukuu ni yetu sote, karibuni pilau.
Mkono wetu wa Idi kwenu: madera ya kushindia yaliyokuwa 15,000 ni 13,000 mpaka Jumapili tarehe 29 Machi. Idi mosi tumefunga tupo na familia, Idi pili tunafungua saa nne asubuhi.
Idi njema.

Ule mstari wa kufunga Idi mosi usiupuuze. Kwanza ni taarifa ya kweli, mtu asije akakuta kufuli. Halafu unaonyesha na wewe una Idi, hukukaa kaunta kusubiri hela ya mtu.

Kuna jaribio ninalofanya kabla sijatuma, naweka kidole juu ya sentensi ya punguzo nikaisoma iliyobaki. Kama bado ni salamu ambayo ningeweza kumtumia shangazi yangu, iko sawa. Kama nikiziba kwa kidole hakibaki kitu, nimeandika tangazo nikalivalisha baraghashia. Kisha naisoma kwa sauti kwa mtu mmoja aliyepo karibu, mara nyingi fundi cherehani wa mlango wa pili, namwangalia usoni nikifika pale kwenye bei. Akihamishia macho kwenye simu yake ujue pamekuwa parefu, punguza.

HATUA YA TANO: picha

Ile picha ya msikiti, mwezi na fanusi za dhahabu uliyoipakua, na nembo ya duka kwenye kona, kila duka linayo siku hiyo, mtu anaipita kwa kidole bila kujua ni ya nani. Piga yako. Mi nilipiga vijiti vitatu vya chelewa juu ya kaunta pembeni ya kiatu cha mtoto, saa mbili asubuhi mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie kutoka ubavuni, kwa sababu taa ile nyeupe ya dukani inafanya kila kitu kionekane kama zahanati. Simu ya kawaida tu, nikafuta lenzi kwa khanga kwanza, hiyo ya kufuta lenzi inasaidia kuliko unavyodhani.

Bei usiiandike juu ya picha. Ikikaa kwenye picha ndo kitu cha kwanza jicho linaona, salamu imeshapitwa. Picha ya mtoto wa mteja usiweke bila kumuomba mzazi, na ukimuomba mwambie itakwenda wapi, stetasi au Instagram, maana wengine stetasi hawana shida nayo lakini Instagram hapana.

HATUA YA SITA: lini na wapi

Ramadhani ni siku 29 au 30, na hujui mpaka usiku. Kwa hiyo usiiwekee simu ijitume yenyewe. Iandike mapema, ihifadhi, subiri tangazo la mwezi. Kutuma Idi Mubarak halafu kesho yake watu wakafunga inaonekana hukuwa unasikiliza, ulikuwa na haraka na biashara.

Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24. Ukiiweka saa mbili usiku wa mwezi inapotea saa mbili usiku wa Idi mosi, wakati ndo watu wamekaa chini wametulia wanapitia simu. Tena usiku wa mwezi kila mtu anapika na kupiga pasi. Mi naweka Idi mosi kama saa nne asubuhi, watu wametoka kuswali, wamekunywa chai, wageni bado.

Kwenye Instagram maelezo yanakatwa baada ya mstari mmoja au miwili, mtu lazima abonyeze aone yote, kwa hiyo salamu yako lazima iwe pale mwanzo. Ukianza na bei, hicho ndo pekee atakachokiona.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu mpaka 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Hiyo ni nzuri maana inakuchujia wenyewe, wanaokufahamu. Ila usitume stetasi na orodha vyote viwili siku moja kwa watu walewale. Na magrupu, jamani, ya shule, ya msiba, ya vikoba, ya msikiti, usiweke hii posti yenye bei humo. Chukua salamu bila sentensi ya punguzo utume, kwa jina lako sio la duka.

HATUA YA SABA: watu wakianza kujibu

Hapa ndo kazi nzuri inaharibikaga. Mtu anakuandikia "Idi Mubarak mama, hongereni kwa kazi", duka linajibu "Karibu sana mpendwa, ungependa kuagiza dera la rangi gani?". Umeshamgeuza pesa. Jibu salamu kwa salamu. "Mubarak na wewe dada, mama anaendeleaje? Watoto wamependeza?" Akitaka dera atasema mwenyewe, na asiposema umebaki na mtu.

Kama unatumia WhatsApp ya biashara angalia ule ujumbe wa kujijibu, mi niliusahau mwaka mmoja, mzee mmoja akatuma dua ndefu ya Idi akajibiwa papo hapo "Asante kwa kuwasiliana nasi, utahudumiwa hivi punde". Nilimpigia simu kuomba radhi. Uzime usiku wa mwezi, uwashe Idi pili ukifungua.

Utajuaje kama posti imekaa vizuri? Usihesabu mauzo ya siku ile, angalia majibu. Zikirudi salamu, dua, mtu anakusimulia na yeye alivyopima mguu wa mwanawe kwa kamba ya kiatu, iko sawa, na madera yatatoka taratibu. Yakirudi maswali ya bei peke yake, imesomeka kama tangazo. Na kama idadi ya wanaoona stetasi zako inashuka wiki hiyo, rudi uhesabu umeweka ngapi, pengine umeirudia ileile kila siku. Mi narudia mara moja tu, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, na hapo siweki tena Idi Mubarak, naandika wazi tu "madera ya 13,000 yanaishia kesho, kuanzia Jumatatu yanarudi 15,000". Salamu haitumiki mara ya pili kubebea bei.

Kwa Krismasi mpangilio ni huuhuu ila mkono wa Idi usiuhamishe, andika "zawadi yetu ya sikukuu". Hesabu ya bidhaa pia inabadilika, Januari shule zinafunguliwa, kwa hiyo punguzo kwenye soksi na mabegi ya shule lenye kufika hadi wiki ya kwanza ya Januari linamsaidia mzazi kuliko punguzo kwenye gauni la sikukuu alilokwishanunua.

La mwisho ni la Jumatatu tarehe 30. Atakuja mtu, lazima atakuja, anasema nilikuwa nimesafiri nyumbani Lindi, nimeona posti jana usiku, bado lipo? Amua kabla hajafika na mwambie na anayekusaidia dukani ili asimjibu tofauti. Mi huwa naacha madera matatu pembeni kwa ajili ya hao, nampa kwa 13,000 kimyakimya, sitangazi kwamba nimeongeza siku, kwa sababu walioacha shughuli zao wakaja Jumapili wataona nao tarehe yangu haikuwa tarehe.